Vyanzo vitatu vya kipato, lakini Aprili imetumaliza kabisa. Tunakosea wapi?

Fundi_Kihonda, 12 Mei 2025

Wadau, habari za jioni. Naandika nikiwa nimechoka kidogo, nisameheni kama nitarukaruka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mume wangu anaendesha bodaboda yake mwenyewe, si ya mkataba. Uani tuna kuku wa mayai 60. Watoto watatu, nyumba ni yetu, hatulipi kodi. Matumizi ya nyumba kwa mwezi ni kama 480,000, humo kuna chakula, umeme, maji, shule, dawa ndogondogo na hisa zangu za VICOBA.

Tulianza haya mambo ya vyanzo vitatu makusudi, kwa sababu mwaka 2022 nilikuwa nategemea cherehani peke yake na niliugua miezi miwili. Tukaambiana kikianguka kimoja viwili vinabeba. Sasa Aprili iliyopita vimeanguka vyote vitatu. Cherehani nimepata 80,000 mwezi mzima. Bodaboda 130,000. Kuku ndiyo kabisa, sijapata kitu. Mwezi huu wa tano naona unaelekea hukohuko. Nimekopa kwa simu 60,000, nimelipa, nimekopa tena.

Kinachonisumbua ni kwamba Desemba, Januari na Machi tulikuwa na pesa. Kila mwezi katika hiyo mitatu tulipita laki saba. Ukijumlisha mwaka mzima hela inatosha. Mbona basi tumefika hapa?

Mtafutaji_Temeke

Dada pole. Vitatu ni vichache. Mimi nina sita: wakala wa miamala, juisi ya miwa, mitumba ya watoto, na vingine. Ongeza viwili vitatu hivi, hata uwakala mdogo tu wa laki tano, hutakuja kuandika uzi kama huu tena.

Mwl_Singida

Mimi nashauri usikope kwa simu, riba yake inaumiza. Nenda SACCOS ya jirani ukope mara moja kiasi kikubwa, ukuze mradi wa kuku ufike 300. Sisi watumishi tunafanya hivyo, makato yanakatwa kwenye mshahara na huyasikii.

Fundi_Kihonda

Mwalimu asante, ila sikuuliza nikope wapi. Na mimi sina mshahara wa kukatwa, rejesho litanikuta Aprili nyingine nikiwa na 80,000.

Mzee_wa_Daftari

Binti yangu, nimefanya hesabu za maduka ya watu miaka mingi, naomba uniruhusu nikuulize maswali kabla ya kushauri.

La kwanza. Morogoro masika inaanza Machi inaisha Mei. Aprili ndiyo inanyesha hasa. Mvua ikinyesha siku nne mfululizo, bodaboda ya mumeo inafanya nini? Wateja wako wa vitambaa wanatoka nyumbani? Na kuku wako, banda linavuja?

La pili. Hao kuku walikosa kutaga kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine? Hapo nijibu kweli.

La tatu. Hela za Desemba na Januari zilikwenda wapi, kwa kitu kimoja kikubwa au zilipotea kidogokidogo?

Fundi_Kihonda

Shikamoo mzee. Nitajibu kweli.

Mvua: mume wangu siku za tope anarudi saa sita mchana. Barabara za mitaa yetu hazina lami, na tope linamla breki na cheni, kwa hiyo anapata kidogo na anatengeneza zaidi. Wateja wangu hawaji kabisa.

Kuku: hawakuumwa. Wiki ya pili ya Aprili hela ya mfuko wa chakula tuliila sisi. Nikasema nitawapa pumba na mabaki siku chache mpaka nipate. Siku chache zikawa kumi na mbili. Mayai yalishuka kila siku nikiangalia, kutoka trei moja na nusu hadi mayai kumi na mawili kwa siku. Sasa wananyonyoka manyoya na chakula nimerudisha lakini hawajarudi.

Januari: nilinunua mashine ya ovaloki, 450,000.

Mzee_wa_Daftari

Marahaba. Umejibu vizuri, na hapo umeshajitibu nusu.

Wewe huna vyanzo vitatu, mwanangu. Kwa mwezi wa Aprili una kimoja, nacho ni jua. Likikosekana, vyote vinalala. Watu wanahesabu vyanzo kama wanavyohesabu vidole, lakini swali la maana ni hili: vinalala mwezi mmoja au miezi tofauti? Mwenye viwili vinavyopishana yuko salama kuliko mwenye sita vinavyolala pamoja. Ndugu yangu wa Temeke nisamehe, juisi ya miwa nayo haiuziki kwenye mvua.

Fanya hivi usiku huu. Chukua daftari, pindua ukurasa ulale, chora miezi 12 kwa juu na vyanzo vyako kwa pembeni. Usiandike wastani. Andika kilichobaki baada ya kutoa nyuzi, mafuta ya pikipiki, chakula cha kuku. Usipokumbuka, rudi kwenye miamala ya simu, inakumbuka. Kisha kila mwezi weka chini yake jumla, na chini ya jumla weka matumizi. Miezi ambayo jumla iko chini ya matumizi, izungushie kalamu nyekundu.

Na kuna jambo jingine ambalo nadhani hujaliona, kwa sababu linakwenda polepole. Sikukuu ya Idi ni msimu wako mkubwa wa kushona, siyo? Mwaka 2021 Idi ilikuwa katikati ya Mei. Mwaka huu ilikuwa 31 Machi. Kila mwaka inarudi nyuma kama siku kumi na moja. Zamani Idi ilikuwa inakuangukia katikati ya masika na kukuokoa, sasa inapita kabla Aprili haijaanza. Mwaka 2028 itakuwa mwisho wa Februari, karibu imeungana na sare za Januari. Halafu mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, kwa hiyo na nguo za harusi hukupata. Aprili yako haikuwa mbaya kwa bahati. Na ijayo itakuwa hivyohivyo, usisubiri ibadilike.

Fundi_Kihonda

Mzee, hili la Idi limenishtua. Nimefungua daftari la maagizo la 2021. Kweli, Aprili na Mei mwaka ule nilikesha. Nilikuwa nadhani wateja wamenikimbia, nikawa najilaumu kwamba mikono yangu imeharibika.

Boda_wa_Mbezi

Mimi napinga kidogo hapo kwenye bodaboda. Mvua ni pesa. Mimi nikiwa na koti na mwavuli mkubwa pale mbele, asubuhi ya mvua nauli ya elfu mbili naipandisha hadi tatu na nusu, na mtu anapanda. Shemeji anarudi saa sita kwa sababu hajajipanga.

Fundi_Kihonda

Kaka, nimemsomea mume wangu. Anasema huko kwenu kuna lami na watu wanawahi ofisini. Kwetu mtu akiona mvua anaahirisha safari. Lakini amekubali ajaribu kukaa stendi ya Msamvu asubuhi badala ya kijiweni mtaani. Hatujui kama itasaidia.

Mama_Trei

Dada, mimi nafuga kuku wa mayai mwaka wa saba, Dodoma. Naomba nizungumzie hao kuku tu, kwa sababu hapo ndipo moyo umeniuma.

Mwezi mmoja mbaya umeugeuza kuwa minne. Kuku wa mayai akikosa chakula chake wiki moja na nusu anasimama kutaga, anabadilisha manyoya, na hata ukimrudishia atachukua wiki nyingi kurudi, na pengine asifike pale alipokuwa. Kwa hiyo zile 65,000 mlizokula Aprili mtazilipa Mei, Juni na Julai. Bora ungeuza kuku kumi ukawalisha hamsini vizuri.

Sisi tunahesabu kwa mfuko. Kuku 60 wakila sawasawa, kila mmoja gramu 120 kwa siku, mfuko wa kilo 50 hauwamalizii wiki. Wakitaga vizuri, tuseme 51 kati ya 60 kila siku, hiyo wiki utaokota trei kumi na mbili kasoro. Kwa bei ya 8,500 ni laki moja na kidogo. Toa mfuko 65,000. Kwa hiyo kila trei unayouza, 5,500 si yako, ni ya kuku. Mimi nina makopo mawili ya maziwa ya unga pale dirishani. Mteja akinilipa trei, kabla sijamrudishia chenji nimeshatia 5,500 kwenye kopo la kushoto. Mume wangu anajua, watoto wanajua, hata tukilala na uji kopo la kushoto halifunguliwi.

Na kipimo cha kujua mradi umeanza kukula ni hikihiki: mfuko mmoja ukikupa chini ya trei nane, unawalisha kwa hasara. Usisubiri mwisho wa mwezi kujua.

Mzee_wa_Daftari

Mama, hesabu yako nimeipenda sana. Niongeze moja tu. Hao kuku wanazeeka. Siku utakapowabadilisha utahitaji hela ya mkupuo. Kuku wa kuanza kutaga ni ghali, na huyu mzee ukimuuza kwa nyama anarudisha sehemu tu. Kila trei ingefaa kuweka hata 1,000 ya kuku wajao. Kwa hiyo trei ya 8,500 nyumba inakula 2,000 tu. Ndiyo maana watu wanasema kuku hawalipi, wakati wamekula na hela ya kuku wapya humohumo.

Mama_Trei

Kweli mzee, ile 1,000 mimi huwa nasahau na nikifika siku ya kubadilisha nahangaika.

Dada, kuku wako ulinunua lini, na wote siku moja?

Fundi_Kihonda

Wote siku moja, Julai mwaka jana, wakiwa na miezi minne.

Mama_Trei

Basi wana miezi kama 14. Watazeeka wote siku moja na utabaki bila yai hata moja kwa miezi mitano ukisubiri wengine wakue. Fanya hivi: Julai hii leta vifaranga 30 tu. Kifaranga anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, kwa hiyo Desemba wataanza. Wale wazee wauze wiki ya Krismasi, bei ya kuku inakuwa nzuri. Nusu nyingine ya vifaranga leta baada ya miezi sita. Hapo huwi na siku banda zima limesimama, na Aprili ijayo una kuku vijana wanaotaga. Chanjo ya kideri usiruke hata mara moja, tafadhali. Nilipoteza 40 kwa wiki mwaka wangu wa pili kwa kuahirisha chanjo siku chache.

Mtafutaji_Temeke

Bado nasema wastani wake unatosha. Amesema mwaka mzima hela inatosha. Ajumlishe, agawe kwa 12, atumie hiyo.

Mzee_wa_Daftari

Uko karibu, ndugu, lakini wastani una mtego. Wastani unakupa hela ambayo Aprili haipo mkononi. Iko Desemba, na Desemba umeshaila. Wastani unakuwa wa kweli pale tu ambapo ile ya ziada ya miezi mizuri imehifadhiwa mahali.

Fundi, nipe jumla za miezi ya wekundu.

Fundi_Kihonda

Nimemaliza daftari usiku, 14 Mei. Nyekundu ni miwili tu, mzee. Aprili 210,000, imepungua 270,000. Mei nadhani tutafika 250,000, pungufu 230,000. Februari na Julai zinagusa mstari lakini zinapita. Miezi mingine iko salama.

Mzee_wa_Daftari

Jumlisha: 270 na 230 ni laki tano. Hilo ndilo pengo la nyumba yako kwa mwaka mzima. Ulikuwa unadhani tatizo ni kubwa kiasi gani?

Fundi_Kihonda

Nilidhani ni milioni mbili, mzee. Nilikuwa nimeanza kumwambia mume wangu tuuze kiwanja.

Mzee_wa_Daftari

Usiuze kiwanja. Laki tano zinatoka kwenye miezi mitatu mizuri. Desemba toa 170,000, Januari toa 130,000 kwa sababu ina mambo ya shule, Machi hela ya Idi toa 200,000. Ziwe zimetoka kabla hamjapanga chochote kingine. Ovaloki ni kitu kizuri, sikulaumu, lakini Januari si mwezi wake. Ungeinunua Juni, baada ya pengo kupita.

Boda_wa_Mbezi

Mzee hapo sikubali. Ovaloki inaleta kazi. Bila ovaloki hizo 80,000 za Aprili pengine zingekuwa 40,000.

Fundi_Kihonda

Kaka, kusema kweli sijui. Kazi za fulana na sare za michezo nimeanza kupata kwa ajili yake, lakini Aprili hazikuja.

Bi_Likoni

Hamjambo nyote. Mimi niko Likoni, Mombasa. Nimesoma uzi huu nikaona ni maisha yangu. Bwana yangu ni mpishi hotelini, na kuanzia Aprili hadi Juni wageni huwa hawapo, hupewa likizo bila malipo. Mimi huuza mahamri na mbaazi asubuhi.

Dada yangu, wewe hucheza chama? Ile ya kupokezana kila mwezi? Mimi zamani nilikuwa nikifurahia kupewa mapema, Desemba au Januari, nikanunua makochi. Sasa nimejifunza. Tukianza mzunguko naomba niandikwe mwezi wa tano. Wengine wote huutaka Desemba, hakuna anayenigombania Mei. Elfu tano zangu kila mwezi mara watu kumi na mbili, napokea elfu sitini za Kenya wakati hoteli imefunga. Hakuna riba, hakuna mtu wa kuniuliza.

Hatari yake ni moja. Ukipokea mwisho, wale waliopokea mwanzo wanaweza kukukimbia. Kwa hiyo mimi hucheza na watu ninaojua nyumba zao na mama zao.

Fundi_Kihonda

Bi Likoni, asante sana. Sisi tunaita mchezo, na kijumbe wetu ni jirani yangu. Tunaanza mzunguko mpya Julai, watu kumi, 30,000 kila mwezi, maana yake anayepokea anapata laki tatu. Kila mwaka mimi nagombania Desemba. Nimekwenda kwake leo asubuhi nikamwambia naomba namba kumi, ya Aprili. Alicheka akaniuliza kama naumwa.

Mzee_wa_Daftari

Hilo limetatua laki tatu kati ya tano. Ila hizo 30,000 za kila mwezi uzitafutie nafasi kwenye matumizi, zisitoke kwenye kopo la kuku. Laki mbili zilizobaki weka mbali na simu unayotumia kila siku. VICOBA usizihesabu hapo, kwa sababu mgawo wenu najua ni Desemba, mwezi ambao huna shida. Wapo wanaoweka UTT, Mfuko wa Ukwasi. Ni pazuri, lakini ukiomba kutoa inachukua siku kadhaa za kazi, kwa hiyo omba wiki ya mwisho ya Machi, usisubiri sufuria iwe tupu.

Mkulima_Kilosa

Samahani nimechelewa, nilikuwa shamba. Nyie wote mnazungumzia kuingiza hela Aprili. Je, kupunguza inayotoka Aprili? Dada, familia ya watu watano mnakula unga kiasi gani?

Fundi_Kihonda

Kama kilo moja na nusu kwa siku.

Mkulima_Kilosa

Ni kilo 45 kwa mwezi. Mahindi huku yanavunwa kuanzia Juni, Agosti bei iko chini kabisa. Machi na Aprili ghala za watu zimekwisha, mavuno mapya hayajafika, na ndipo bei inapanda. Wewe unanunua unga kwa kilo dukani kipindi hichohicho unapokuwa huna hela. Nunua gunia moja la kilo 100 Agosti, hujaligusa mpaka Aprili. Litawabeba Aprili na Mei karibu zote, bado kusaga tu.

Kinachoharibu ni mambo mawili. La kwanza dumuzi. Usitumie kiroba cha kawaida, tafuta ile mifuko ya kinga njaa, ina mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba. Unafunga mmoja baada ya mwingine, unasokota shingo, unaikunja, unafunga kwa kamba ya mpira. Hewa ikiisha ndani wadudu wanakufa bila dawa. Ukifungua katikati ya safari umeharibu, kwa hiyo usikope humo. Usiuweke chini, weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na panya wasiutoboe.

La pili unyevu. Mahindi yasipokauka yataota ukungu humo ndani, na yale usiwape hata kuku. Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya kioo kavu, tia mahindi robo, tia chumvi iliyokauka vijiko vichache, funga, tikisa dakika moja, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado mabichi. Ikianguka chini yote, yamekauka.

Mama_Trei

Hii ya gunia nimeipenda kuliko zote. Na ukimaliza kusaga, pumba unazo za kuchanganya kidogo, si za kuwalisha peke yake eti.

Mtafutaji_Temeke

Nakubali nimejifunza. Lakini uwakala bado ni mzuri masika, watu hawataki kutembea mbali kutoa hela.

Mzee_wa_Daftari

Hilo la masika ni kweli, sikatai. Shida yake kwa nyumba iliyobanwa ni floti. Ni pesa inayokaa mkononi usiku kucha, na hakuna anayepiga kelele ukiigusa. Kuku akikosa chakula unamsikia. Floti ikipungua elfu hamsini husikii kitu mpaka mteja wa laki mbili anakuja na huwezi kumhudumia. Aanze kwanza kuheshimu kopo la kushoto kwa miezi sita, halafu tuzungumze uwakala.

Fundi, umesema nyumba ni yenu. Hakuna chumba cha uani?

Fundi_Kihonda

Kipo mzee. Kimoja, kina mlango wake. Anakaa mdogo wake mume wangu, mwaka wa pili sasa, halipi. Anafanya kazi ya ujenzi, anapata. Vyumba kama hicho hapa mtaani ni 40,000, na wenye nyumba wanachukua kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo.

Mzee_wa_Daftari

Kodi ya miezi mitatu ukiipanga iangukie Januari, Aprili, Julai na Oktoba, ni 120,000 Aprili bila mvua kuigusa. Lakini hili ni la ukoo, siwezi kukuamulia.

Bi_Likoni

Hilo si lako la kusema, dada. Mwache bwana yako alizungumze na nduguye. Wewe ukilianza utaitwa mchoyo mpaka uzeeni.

Mama_Trei

Mimi naona tofauti. Anayekula nyumbani na ana kazi, achangie. Hata gunia moja la mahindi Agosti badala ya kodi. Hilo halimvunjii heshima mtu.

Fundi_Kihonda, 3 Agosti 2025

Nimerudi, wadau. Nilisema nitaleta habari.

Kuku walirudi polepole. Mwisho wa Juni mfuko ulinipa trei sita, nikakumbuka maneno ya Mama Trei, nikauza kumi na tano waliokuwa wamesimama kabisa. Hao 45 waliobaki mfuko mmoja unakaa siku tisa na unanipa trei kumi. Makopo yapo, kushoto na kulia, na la tatu dogo la kuku wajao. Wiki mbili zilizopita mtoto alikuwa na homa usiku na mkono wangu ulifika kwenye kopo la kushoto. Nikaenda kwa jirani nikakopa elfu kumi, nikamrudishia Jumamosi. Vifaranga 30 vimefika 18 Julai, viwili vimekufa, 28 wazima, chanjo ya kwanza wamepata.

Juni nimepata sare za watoto wanaokwenda kidato cha tano Julai, jambo ambalo miaka yote sikulifikiria kwa sababu nilikuwa nimelenga Januari tu. Nilibandika karatasi kwenye kituo cha kuchapishia fomu za shule. Seti kumi na moja.

Mchezo nimepata namba kumi. Msamvu mume wangu alijaribu wiki tatu, akasema foleni ya madereva ni ndefu, amerudi kijiweni. Kwa hiyo bodaboda ya Aprili bado hatuna jibu lake.

La shemeji, mume wangu alizungumza naye mwenyewe. Hakutaja kodi. Alimwambia tu tunanunua mahindi. Jana jioni shemeji ameshusha gunia kutoka kwenye toyo, kilo 100, hakusema neno, ameliweka kwenye veranda akaenda kuoga. Sisi tumenunua jingine, kwa hiyo ni mawili.

Mkulima wa Kilosa, nimefanya ya chupa asubuhi hii. La kwetu chumvi imeanguka yote. La shemeji imebaki kwenye kioo, inang'ang'ania kama ukungu. Nianike siku ngapi? Na niyaanike yote au yale ya juu tu?

Mkulima_Kilosa

Yote, dada. Unyevu haukai juu tu. Tandaza kwenye turubai, usiweke chini kwenye udongo, unene usizidi vidole vitatu, geuza kila saa. Jua la sasa siku mbili zinatosha mara nyingi. Jioni ingiza ndani, umande wa usiku utakurudisha nyuma. Jaribu chupa tena kesho kutwa kabla ya kufunga, na chumvi tumia mpya, ile ya leo imeshanyonya maji.

Fundi_Kihonda

Sawa kaka. Turubai ninalo. Shemeji ndiye anayegeuza.